Hukumu imetoka na wewe haukuwepo: namna ya kurudi mahakamani na kiapo kinachoeleweka

(Haya ni maongezi niliyoyatoa kwa wafanyabiashara pale Nyerere Square, Dodoma, kipindi cha Wiki ya Sheria. Wengi waliniomba niyaandike, nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza tu utani.)

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni, na nyie vijana wa Majengo na Sabasaba mliofunga vibanda mkaja kunisikiliza, asanteni, najua saa hizi ndo wateja wanakuja.

Mimi ni wakili, sina maneno mengi ya utangulizi. Leo naongea kitu kimoja tu. Umeshtakiwa kesi ya madai, haujajibu, mahakama imetoa hukumu bila wewe, na taarifa unaipata siku mtu anakuletea karatasi ya kukazia hukumu, yaani ulazimishwe kulipa, na dalali wa mahakama anatajwa humo ndani. Unafanyaje?

Nitawapa kesi ya mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi, duka lake liko hapahapa mjini. Nimebadilisha vitu kidogo asijulikane, tumwite Mama Magunia, yeye mwenyewe alicheka nilipomwambia jina hilo.

Mama Magunia alikuwa anachukua mahindi kwa mkopo kwa tajiri mmoja upande wa Kibaigwa. Tarehe 4 Machi, Jumanne, samansi na hati ya madai vikapelekwa dukani. Tajiri anadai milioni 38 na laki 4, yaani magunia 480 kwa elfu 80 kila gunia, na anasema hajalipwa hata shilingi. Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai, Amri ya VIII, inampa mdaiwa siku 21 tangu apokee samansi awe amewasilisha utetezi wake wa maandishi. Ukihesabu kuanzia tarehe 5, siku ya 21 inaangukia tarehe 25 Machi. Ukichelewa kuna kamlango kadogo, unaweza kuomba ndani ya siku 7 baada ya hizo 21 kupita, ueleze sababu, mahakama ikuongezee siku 10, basi. Kwahiyo kwa mama huyu kamlango kalijifunga tarehe 1 Aprili na yeye yuko dukani anapima mahindi hana habari.

Aprili 10 kesi ikatajwa, mdaiwa hajajibu, mdai akaomba aendelee upande mmoja. Aprili 24 akaja kutoa ushahidi wake peke yake. Mei 8 hukumu ikatoka, alipe yote milioni 38 na laki 4 pamoja na gharama. Mei 20 ndo mama anaona karatasi.

Sasa sikilizeni alivyofanya maana wengi mngefanya hivohivo. Jambo la kwanza alimpigia simu tajiri akagombana nae nusu saa nzima. La pili akaenda kwa ndugu yake mmoja anayejua "mambo ya mahakama" akaambiwa kata rufaa fasta. Jioni ndo akaja kwangu. Nikamwambia mama tulia, rufaa sio mlango wako. Rufaa dhidi ya hukumu ya upande mmoja ipo, sheria inairuhusu, ila ni ya mtu anayesema hata kwa ushahidi uleule wa mdai hakimu alikosea. Wewe malalamiko yako ni kwamba haukusikilizwa na vielelezo vyako viko kwenye droo, mahakama ya rufaa itavionea wapi wakati haviko kwenye jalada? Unarudi palepale, mahakama ileile iliyotoa hukumu, unaiomba iitengue.

Na kuna muda. Hukumu iliyotoka kwa sababu haukuleta utetezi, Amri ya VIII inakupa siku 21 za kuomba itenguliwe, na zinahesabiwa tangu tarehe ya hukumu, sio tangu siku uliyojua wewe. Hapo watu wengi wanalia. Hukumu inayotoka kwa sababu haukutokea siku ya kusikilizwa, ile ya Amri ya IX, ina siku 30. Ushauri wangu usianze kubishana na mtu hukumu yako iko kundi gani, chukua 21 uifanyie kazi, hata ikija kuonekana ulikuwa na 30 hujapoteza kitu. Mama alikuwa ameshakula siku 12.

Kesho yake Mei 21 sikumwambia aandike chochote, tulienda mahakamani kulipekua jalada. Hii hatua watu wanairuka na mimi naona ni kosa kubwa kuliko yote, unaandikaje kwamba haukupata samansi wakati hujui mahakama imeambiwa uliipataje? Tukalipa ada tukapewa jalada tukasoma. Mle kuna kiapo cha mpeleka samansi. Kinasema, namnukuu kwa kumbukumbu, tarehe 4 Machi saa 5 asubuhi nilimkuta mdaiwa dukani kwake, nikampa samansi, akaisoma, akakataa kusaini.

Mama akaruka kwenye kiti. Tarehe 4 Machi alikuwa Mpwapwa! Mama yake mzazi alikuwa amelazwa, aliondoka Dodoma tarehe 1 akarudi tarehe 9.

Tukaona na kitu kingine ambacho mama asingekiona kwa macho yake. Jaladani hakuna karatasi yoyote inayoonyesha aliitwa kuja kusikiliza hukumu tarehe 8 Mei. Mnaona, hata kama umeshindwa kujibu na kesi imesikilizwa bila wewe, adhabu yako inaishia hapo, kwamba haukushiriki kwenye usikilizwaji, siku ya kusomwa hukumu bado una haki ya kujulishwa. Hilo lilishasemwa kitambo kwenye kesi ya Cosmas Construction na Arrow Garments, iko kwenye taarifa za sheria za mwaka 1992. Kwanini nalisema? Kwa sababu kutojulishwa ndo kunaeleza kwanini tangu Mei 8 mpaka Mei 20 mama alikuwa kimya.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Maombi haya yanaenda kwa chemba samansi ikiambatana na kiapo. Chemba samansi ni karatasi ya kusema unaomba nini, haina shida. Kesi yote iko kwenye kiapo. Kwenye maombi ya namna hii kwa kawaida hamna mtu anapanda kizimbani kuhadithia, kiapo ndo ushahidi wako, kama kitu hakimo basi wakili wako hawezi kukiongeza kwa mdomo siku ya kusikilizwa, upande wa pili utasimama useme hiyo ni hadithi kutoka kwa wakili.

Mama alikuja na kiapo kashachapiwa stationari moja, elfu 15. Nilikitunza nikifundishie. Aya ya tatu inasema "kwamba mwombaji alikuwa na dharura ya kifamilia isiyoepukika." Aya ya nne "kwamba hukumu ni batili na ni kinyume na haki ya asili." Aya ya tano "kwamba mwombaji ana utetezi madhubuti na ana uhakika wa kushinda." Aya ya sita inamuomba hakimu atende haki.

Kizuri kusoma eeh? Ila hakuna kitu humo. Dharura gani, lini, wapi, nani anaijua? Batili ni hoja ya kisheria, sio tukio, kiapo kinabeba matukio unayoyajua wewe mwenyewe, hoja utazisema baadae. Maombi hayakai ndani ya kiapo. Na utetezi madhubuti ni upi sasa? Kiapo cha hivo hakimu anaweza akaziondoa hizo aya moja moja ukabaki na jina na anwani.

Tukaanza upya, na hapa ndo nataka mkae na mimi polepole.

Swali ambalo hakimu anajiuliza ni kwanini haukujibu, na jibu lako lazima lijaze muda wote. Sio siku moja, muda wote. Mama alidhani karatasi ya hospitali inamaliza kila kitu, akawa ananipungia nayo. Nikachukua kalenda nikamuonyesha. Ulikuwa Mpwapwa tarehe 1 mpaka 9 Machi, sawa, hiyo inaonyesha mpeleka samansi hakukukuta dukani tarehe 4. Lakini siku za kujibu ziliisha tarehe 25. Ulirudi tarehe 9, zimebaki siku 16, ulikuwa dukani kwako mzima wa afya, sasa hizo 16 zilienda wapi? Akanyamaza. Wakili wa upande wa pili kitu cha kwanza kuuliza kitakuwa hichohicho, na kweli aliuliza.

Tukamtafuta kijana wake wa dukani. Huyu kijana aliacha kazi tarehe 20 Machi akaenda zake Kondoa kwenye shamba la baba yake. Tukampata kwa simu, akakumbuka. Alikuja mtu na bahasha akasema mpe bosi wako, yeye akadhani ni karatasi za ushuru kama zinavyokujaga kila siku, akaiweka kwenye faili la risiti za ushuru, mama aliporudi ana mawazo ya mgonjwa hakumwambia, baadae akasahau, akaondoka. Tukaenda dukani tukafungua faili. Bahasha ile pale, katikati ya risiti za Februari na Machi, haijafunguliwa!

Mama akataka aandike kwenye kiapo chake "kijana wangu aliniambia alipokea bahasha akaisahau." Hapana. Hapo ndo maombi mengi yanafia. Ukimtaja mtu kwenye kiapo chako kwamba alifanya au alisema kitu, na kitu hicho ndo kinabeba maombi yako, huyo mtu aape kiapo chake mwenyewe. Bila hivo mahakama inasema umeleta maneno ya kusikia. Kwahiyo kijana akapanda basi kutoka Kondoa, akaapa chake mbele ya kamishna wa viapo, kifupi tu, alikuwa peke yake dukani siku hiyo, alipokea bahasha, aliiweka wapi, hakumwambia bosi, aliondoka lini. Nauli tulimrudishia na hilo sio kosa, ila kumlipa mtu aseme kitu ambacho hakukiona hiyo ni jinai, msije mkaniambia nimewafundisha.

Mama nae akaandika matukio yake kwa tarehe. Aya moja tukio moja. Alisafiri lini, tiketi hii hapa. Mama yake alilazwa na kuruhusiwa lini, karatasi hii hapa. Alirudi lini. Karatasi ya kukazia hukumu aliipata lini na kwa mkono wa nani. Alipekua jalada lini, risiti ya ada hii hapa. Baada ya hapo alifanya nini kila siku mpaka kuwasilisha. Mwisho uthibitisho, aya zipi anazijua yeye na zipi ni ushauri wa wakili wake, alafu sehemu ya kamishna wa viapo yenye mahali na tarehe. Msicheke, kuna viapo vinaanguka kwa sababu tu sehemu ile haina tarehe.

Hiyo ndo sababu. Sasa utetezi.

Kuna mawakili wenzangu watabisha hapa watasema sheria inaongelea sababu tu, utetezi wa nini? Ni kweli sababu ya kutojibu ndo mlango, ukiwa na utetezi mtamu kama zabibu za Hombolo lakini ulipata samansi ukaipuuza, hautapita. Lakini jiweke kwenye kiti cha hakimu. Anaombwa afute hukumu iliyotoka, amrudishe mdai mwanzo, mashahidi waitwe tena. Anataka kujua kama kuna kitu cha kusikilizwa au tunazunguka mbuyu tuje kufika palepale. Wala sio kitu kipya. Kesi ya Uingereza ya Evans na Bartlam ya mwaka 1937 ndo imezoeleka kutajwa, jamaa alikuwa anadaiwa pesa za kubeti, hukumu ikatoka bila yeye kujibu, tena akaomba aongezewe muda wa kulipa, alafu ndo akarudi kuomba itenguliwe akisema deni la kamari halidaiki kisheria. Walimkubalia, na wakasema mtu anayeomba hivi aonyeshe kwa kiapo kwamba ana utetezi wenye uzito. Sio kwamba atashinda, ni kwamba ana jambo la kubishaniwa.

Utetezi wa Mama Magunia ulikuwaje? Mwanzoni aliniambia "sidaiwi." Nikamuuliza mara tatu, ikaanza kutoka kidogokidogo. Kumbe anadaiwa! Ila sio hizo.

Magunia aliyopokea ni 300, sio 480. Yalikuja kwa Fuso tatu, kila gari 100, na kila gari lina delivari noti yenye saini ya dereva na yake. Zile 180 zilizobaki walikubaliana zije, bei ikapanda, tajiri akauza kwingine. Na kwenye zile 300, ambazo ni milioni 24, ameshalipa milioni 15, kumi kwa benki ana karatasi ya kuweka pesa, tano kwa M-Pesa kwa mafungu mawili, meseji zipo na taarifa ya miamala tukaiomba ikaja na muhuri. Toa 15 kwenye 24, anadaiwa milioni 9.

Akaniambia wakili, hiyo 9 tusiiseme si ndo tutakuwa tumejimaliza? Hapa ni maoni yangu na wengine wanaweza wakakataa, ila mimi nasema iandike. Hakimu akiona mtu anakana kila kitu huku ana delivari noti zenye saini yake, anaacha kumuamini hata kwenye zile tarehe za Mpwapwa. Akiona mtu anasema nadaiwa 9 sio 38 na laki 4, na tofauti ya milioni 29 na laki 4 vielelezo vyake hivi hapa, basi anaona mgogoro halisi. Kitu tulichofanya pale, tuliandaa kabisa utetezi wa maandishi kamili, ule ambao angeuwasilisha Machi, tukauambatanisha kwenye kiapo pamoja na delivari noti na karatasi za malipo. Ule ujumbe wa kwamba niko tayari hata kesho unajisema wenyewe.

Tukawasilisha Jumatatu tarehe 26 Mei. Siku ya 18. Jumamosi na Jumapili zilipita hapo katikati na zinahesabiwa, msidhani wikiendi inasimamisha saa.

Na angekuwa amejua siku ya 40 je? Angeanza kwanza na maombi ya kuongezewa muda, na huko ndo kugumu zaidi. Mahakama ya Rufani ilipanga vigezo kwenye kesi ya Lyamuya, maombi namba 2 ya mwaka 2010, ueleze kipindi chote cha kuchelewa, kuchelewa kusiwe kwa kupitiliza, uonyeshe ulihangaika haukulala, na kama kuna kosa la kisheria la wazi kwenye uamuzi useme. Na "kipindi chote" wanamaanisha siku kwa siku. Wiki moja uliyokaa unasubiri hela ya wakili bila maelezo inaweza kukuangusha.

Kitu kingine kilichotaka kutuponyoka. Kuwasilisha maombi ya kutengua hakuzuii kukaziwa hukumu! Mama alitoka mahakamani anatembea kwa madaha, nikamwambia mama, dalali bado ana nguvu. Siku hiyohiyo tukaweka maombi mengine kwa hati ya dharura, utekelezaji usimame kwanza mpaka haya makubwa yaamuliwe. Ukisahau hilo unaweza ukashinda kutengua hukumu na mashine yako ya kusaga imeshauzwa kwenye mnada, kuirudisha ni kesi nyingine.

Siku ya kusikilizwa upande wa pili walileta kiapo chao cha kujibu, wanasema samansi ilifika, mdaiwa alikataa, anachelewesha tu malipo. Tukaomba mpeleka samansi aitwe ahojiwe kwa kiapo, sheria inaruhusu mahakama kumhoji. Akaja. Nikamuuliza, ulimkuta nani dukani? Mdaiwa. Ulimjuaje kuwa ni yeye? Alikuwa dukani. Mwanaume au mwanamke? Akanyamaza kidogo, akamwangalia mama, akasema, mheshimiwa, kusema kweli alikuwepo kijana, akasema bosi katoka, nikaona ni haohao.

Basi. Sikuuliza tena. Huwa nawaambia vijana wanaojifunza kwangu, ukishapata ulichotaka kaa chini.

Uamuzi ulikuja wiki mbili baadae. Hakimu alisema kumpa samansi kijana wa dukani ambaye sio mtu wa familia wala wakala aliyepewa mamlaka ya kupokea, alafu kuapa kwamba amepewa mdaiwa mwenyewe, huo sio upelekaji halali, mama hakujua kesi mpaka Mei 20, alichukua hatua ndani ya siku 6, na vielelezo vinaonyesha kuna jambo la kusikilizwa. Akairejea na ile kanuni ya kesi ya Mbogo na Shah ya mwaka 1968, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kwamba mamlaka ya kutengua yapo ili ajali, kupitiwa au kosa linalosameheka lisimuumize mtu, hayapo kumsaidia anayekwepa kwa makusudi ili kuchelewesha haki. Hukumu ikatenguliwa, kwa masharti. Awasilishe utetezi ndani ya siku 14 na amlipe mdai laki 4 za usumbufu wa zile siku za ushahidi. Mama alinung'unika kuhusu laki 4, nikamwambia lipa leo, sharti usipolitimiza hukumu inaweza kurudi kichwani kwako.

Baada ya maongezi kulikuwa na maswali, nayaweka matatu.

Kijana wa bodaboda akauliza, mimi nikimuona mtu wa samansi nikakimbia, si ntasema sikupata? Watu wakacheka. Nikamjibu ukikataa au ukijificha, mahakama inaweza kuruhusu samansi ibandikwe mlangoni kwako au itangazwe gazetini, na hapo umehesabika umepata. Alafu siku unaomba kutengua, ile Mbogo na Shah inakusubiri, wewe ndo yule wa kukwepa. Bora uipokee usaini uandike na tarehe na saa pembeni, hiyo saa inaweza kukuokoa siku za kuhesabu.

Mzee mmoja wa Chang'ombe akauliza, mimi nilimlipa wakili, nikajua anajibu, kumbe hakujibu. Hiyo ni sababu? Mzee wangu, hii inaniuma kuijibu mbele za watu, ila uzembe wa wakili peke yake mahakama zetu kwa kawaida hazioni ni sababu ya kutosha, zinasema wakili ni wako, ulipaswa kumfuatilia. Kinachoweza kusaidia ni kama una ushahidi kwamba ulimfuatilia kweli, meseji, simu, barua, na ulichukua hatua mara ulipogundua. Ukasema tu "nilimwachia wakili," hapana. Na kutojua sheria nako hakusaidii, ukiandika kwenye kiapo "sikujua kama natakiwa kujibu kwa maandishi" umejichimbia mwenyewe, maana samansi yenyewe imeandikwa hivyo.

Dada mmoja anauza mitumba Sabasaba akauliza, kama kweli nadaiwa yote, hela sina tu, nitengue ili nipate muda? Nikamwambia dada yangu, hapo sina utetezi wa kukuandikia. Nenda mahakamani siku ya maombi ya kukazia, ueleze hali yako kwa kiapo, uombe kulipa kwa awamu, na uende na fungu la kwanza mkononi. Akauliza kiasi gani. Nikamuuliza unauza marobota mangapi kwa mwezi, tukaanza kupiga hesabu pale kwenye ngazi, mvua ikaanza, watu wakakimbilia chini ya miti sisi tukaendelea kuhesabu.